Gauni namba 14, kostumu namba ngapi?

"Dada fundi, hujambo? Nina urefu wa futi 5 na inchi 10, kifua sentimita 98, nyonga 107, na magauni navaa namba 14. Nilinunua kostumu ya kuogelea ya kipande kimoja, namba 14 hiyohiyo, nianze masomo ya kuogelea hapa Jinja. Mikanda ikanikata mabegani na nyuma kitambaa kikawa kinaingia ndani kila nikipiga hatua. Nikairudisha nikapewa 18. Nyuma bado inaingia, na sasa nikiinama kifua chote kiko nje. Mwili wangu una kasoro gani? Na nitajuaje kwamba kostumu imenishika sawasawa kabla sijaingia nayo majini?" — Msomaji, Jinja

Dada yangu, sijambo. Mwili wako hauna kasoro yoyote. Kuna kipimo kimoja ambacho hukupimwa na muuzaji, wala na fundi wa magauni yako, kwa sababu gauni halikihitaji. Ni mzingo wa kiwiliwili: urefu wa mwili kuanzia begani, kushuka mbele, kupita katikati ya mapaja, kupanda mgongoni na kurudi begani palepale. Nimeshona kostumu hapa Kampala miaka mingi, na wanawake warefu wanaoniletea malalamiko kama yako, karibu wote tatizo lao liko hapo.

Fikiria gauni lako la kitenge. Kifua chako ni 98, lakini fundi hakukata 98. Alikata 104 au 106 ili upumue, ukae, uinue mkono, maana kitenge hakivutiki. Gomesi ndiyo kabisa, kitambaa kinabaki hadi kinafungwa kwa mshipi. Isitoshe, gauni linaning'inia kutoka mabegani na chini liko wazi. Kiwiliwili chako kiwe kirefu au kifupi, linalobadilika ni pindo tu: litafika gotini au juu kidogo ya goti, basi. Kwa hiyo namba 14 ya gauni inazungumzia upana wako peke yake.

Kostumu ni kinyume chake katika yote mawili. Kwanza, inakatwa ndogo kuliko mwili. Kitambaa chake ni nailoni au poliesta iliyochanganywa na spandeksi, na kinashika kwa sababu kimevutwa. Kostumu iliyotengenezwa kwa kifua cha 97 ukiilaza mezani inaweza kuwa na mzunguko wa 82 tu. Pili, chini imefungwa. Kutoka begani hadi begani ni kitanzi kimoja kisicho na mlango. Kitanzi kikiwa kifupi kuliko mwili, hakina pa kwenda, kinavuta pande zote mbili. Juu kinavutia mabegani, ndiyo mikanda inakata. Chini kinatafuta njia fupi. Njia ya kupita juu ya makalio ni ndefu, ya kupita katikati yake ni fupi, kwa hiyo kitambaa kinaingia katikati. Wewe unaona nyuma inaingia, unadhani makalio ni makubwa kuliko saizi, kumbe kinachokosekana ni urefu.

Hapo ndipo ushauri wa kuchukua kubwa zaidi unapoharibikia. Acha nikuonyeshe kwa mteja wangu mmoja, muuguzi, mwenye umbo karibu na lako. Kifua 97, nyonga 106, mzingo wa kiwiliwili 173. Alikuja na kostumu mbili za mtengenezaji mmoja, 14 na 18, zote ameshazichukia. Nikazilaza mezani bila kuzivuta nikazipima. Ile 14 ilikuwa na sentimita 74 mbele, kutoka kilele cha mkanda hadi chini kabisa, na 72 nyuma. Jumla 146. Jedwali la mtengenezaji lilisema 14 ni ya mwili wenye mzingo wa 160 hadi 164, maana yake kila sentimita 10 za kitambaa zilitarajiwa kuvutwa zifike kama 11. Kwa yule muuguzi zilivutwa karibu zifike 12. Inasikika kama tofauti ndogo, lakini ni sentimita 11 za mwili ambazo kitanzi hakikutengenezewa, na mabega ndiyo yaliyozilipa.

Sasa ile 18. Urefu wake wote ulikuwa 152, yaani 6 tu zaidi ya 14. Kwake bado ilikuwa inavutwa kuliko ilivyokusudiwa, ndiyo maana nyuma iliendelea kuingia. Lakini kifuani mzunguko ulitoka 82 ukafika 92. Kifua cha 97 ndani ya 92 hakivuti kitu. Kostumu ilikuwa imelala juu yake tu, haijamshika. Alipanda saizi mbili akapata upana mwingi asiouhitaji na urefu kidogo usiomtosha. Nadhani unajiona hapo.

Basi jipime. Futi ya fundi ya kawaida inaishia sentimita 150, kwa hiyo haitakufikia. Tafuta kamba isiyovutika, uzi wa katani unafaa, uzi wa sweta haufai. Vaa chupi na sidiria nyepesi isiyo na sponji, simama wima, na umwombe dada au rafiki akusaidie, kwa sababu ukiinama kujipima mwenyewe kipimo kinaharibika. Kamba ianzie katikati ya bega, pale mkanda wa sidiria unapokaa. Ishuke juu ya ziwa, ipite kitovuni, katikati ya mapaja, ipande mgongoni hadi ilipoanzia. Iguse mwili bila kuukata, na chini isining'inie. Tia alama ya kalamu, nyoosha kamba sakafuni, pima. Rudia mara tatu na uchukue ile ya katikati. Kwa urefu wako na shida uliyonieleza, sitashangaa ukipata 170 na zaidi.

Ukishapata namba hiyo, iangalie kwenye jedwali la saizi kabla ya namba ya gauni. Watengenezaji makini wanaandika kifua, kiuno, nyonga, halafu mzingo huu. Kifua na nyonga zikikuweka 14 na mzingo ukakuweka 18, usitafute 16 ya kupatanisha. Tafuta 14 iliyorefushwa. Mtandaoni andika hasa maneno haya, `long torso swimsuit`, na kwenye lebo utafute hayo hayo. Pia hakikisha 14 ni ya nchi gani. 12 ya Uingereza ni karibu sawa na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na kwenye lebo moja zinaweza kuandikwa zote tatu. Kostumu za mazoezi nazo zina namba kama 34 au 36, na mara nyingi hizo ni inchi za kifua, wala hazihusiani na gauni.

Madukani mwetu kostumu ndefu hazipatikani kirahisi, najua. Kwa hiyo tuzungumze juu ya kurekebisha, na hapa lazima ujue urefu unakosekana wapi, juu ya kifua au chini yake. Vaa ile 14 juu ya chupi, mikanda ikiwa imeshushwa mabegani. Panga nyuma ikae vizuri, ifunike inavyopaswa. Kisha vuta sehemu ya kifua hadi maziwa yakae mahali pake. Kama kifua kimekaa sawa na ni mikanda tu ambayo haifiki begani bila kukata, upungufu uko kwenye mikanda. Pima pengo, ndiyo sentimita za kuongeza. Mikanda ya kurekebisha yenye vifungo ikifunguliwa hadi mwisho inaweza kukupa nne hivi, na huenda zikakutosha bila fundi. Lakini kama kifua chenyewe kinakataa kupanda, kitambaa kinakomea chini ya pale maziwa yalipo, upungufu uko tumboni. Hapo ukirefusha mikanda unashusha shingo tu, na unajitafutia aibu nyingine.

Yule muuguzi wangu upungufu wake ulikuwa tumboni. Ili kitambaa kivutwe kwa kiasi alichokusudia mtengenezaji, kostumu yake ilihitaji jumla ya 156 badala ya 146, yaani sentimita 10. Kitanzi kinapita mbele na nyuma, kwa hiyo mshipi mmoja wa sentimita 5 ukizunguka kiuno unaongeza 5 mbele na 5 nyuma. Nikaikata kostumu juu kidogo ya kitovu, nikaingiza mshipi wa kitambaa cheusi cha kostumu nilichokikata sentimita 7, moja juu na moja chini zikaenda kwenye mshono. Bitana nayo ikapata mshipi wake, kwa sababu ukirefusha kitambaa cha nje peke yake, bitana fupi itaendelea kuvuta kana kwamba hujafanya kitu.

Ukimpelekea fundi wa mtaani kazi hii, muulize mambo matatu kabla hajashika mkasi. Kitambaa cha mshipi kiwe cha kostumu, na upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Sindano iwe ya vitambaa vinavyovutika, yenye ncha butu, la sivyo inatoboa nyuzi za spandeksi na baada ya wiki chache utaona vitundu kando ya mshono. Na mshono uwe wa zigizagi au ovaloki. Mshono ulionyooka hauvutiki, kitambaa kinavutika, kwa hiyo uzi unakatika. Hili nililijua kwa uchungu. Nilipoanza kazi nilimshonea msichana kostumu, na pale nyuma nikamalizia kwa mshono ulionyooka kwa sababu ulionekana nadhifu. Ulikatika siku ya kwanza alipochuchumaa ukingoni mwa bwawa, mbele ya darasa zima. Alijifunika taulo akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo kila kostumu inayotoka mikononi mwangu navuta kila mshono kwa mikono miwili na kusikiliza. Uzi unaokatika unatoa mlio mdogo, tik, na afadhali niusikie mimi.

Sasa swali lako la pili, kujua kwamba imekushika. Kostumu kavu inapaswa kukubana kuliko unavyopenda. Wanawake wengi wanaichagua ile inayowapa raha dukani, na hilo ndilo kosa, kwa sababu kitambaa kikilowa kinalegea kidogo na maji yanaongeza uzito. Kinachobana kwa adabu nje ya maji ndicho kinachokaa sawa ndani yake.

Anza na bega. Ingiza vidole viwili chini ya mkanda na uuvute juu. Upande sentimita mbili au tatu, kisha urudi wenyewe. Usipopanda kabisa, kitanzi ni kifupi. Ukifika karibu na sikio, ni kirefu au kitambaa kimechoka. Kisha inua mikono yote miwili juu kabisa kama mtu anayetaka kupiga mbizi, ubaki hivyo huku ukihesabu hadi kumi, uishushe. Angalia nyuma kwenye kioo: makalio yamefunikwa kama yalivyokuwa kabla? Mwanafunzi wa kuogelea anainua mikono namna hiyo kila anapojifunza kujisukuma kutoka ukutani, kwa hiyo jaribio hili lina uzito kuliko kujigeuzageuza mbele ya kioo.

Baada ya hapo inama mbele hadi mgongo ulale kama meza, na utazame ukingo wa shingo. Ubaki umegusa ngozi. Ukiachia nafasi ya kupitisha kiganja, maji yatapita hapohapo. Ukijisukuma ukutani yataingia kifuani na kuijaza kostumu kama mfuko, itavuta chini na mikanda itateleza. Hili ndilo lililokuwa likikungoja ndani ya ile 18. Watu wanaogopa kostumu inayobana, lakini mimi naogopa zaidi inayolegea, maana mtu anayejifunza kuelea anahitaji mikono yake yote miwili, na mkono mmoja ukishakuwa na kazi ya kushikilia mkanda, anakunywa maji.

Mwisho chuchumaa, simama, tembea hatua kumi. Lastiki ya mapaja iache alama hafifu inayofutika baada ya dakika chache. Ikichimba mfereji, nyama ikamwagika juu na chini yake, miguu imekatwa nyembamba mno kwako. Ikiinuka yenyewe ukichuchumaa, imelegea.

Ukishapita yote hayo, na kama umeamua kwamba kostumu ni yako, ingia nayo bafuni. Jimwagie ndoo nzima, kaa nayo dakika kumi, kisha rudia jaribio la mkanda na la kuinama. Tofauti kati ya kavu na mbichi iwe ndogo. Simama kwenye mwanga wa dirisha pia, hasa kama ni nyeupe, ya njano au ya rangi ya krimu, kwa sababu kitambaa chepesi kisicho na bitana kikilowa kinaonyesha kila kitu. Dukani, kabla ya kulowesha, ingiza mkono ndani na ukivute kitambaa juu ya vidole. Ukiona mistari ya kiganja chako, kiache.

Kama utakuja soko la Owino hapa Kampala kutafuta mtumba, njoo tu, nimepata kostumu nzuri sana pale. Lakini spandeksi inaliwa na klorini, na nyingi zimeshaogelea miaka huko zilikotoka. Vuta kitambaa pale makalio yanapokaa, kwa mikono miwili, kisha uachie. Kirudi haraka na kiwe laini. Kikirudi polepole, kikibaki na mawimbi, au ukisikia kikikwaruza kama mpira mkavu unaopasuka, spandeksi imekufa. Igeuze ndani nje uangalie mishono: vinyweleo vyeupe vilivyochomoza ni nyuzi hizohizo zilizokatika. Hakuna fundi anayeweza kuzifufua, na kostumu hiyo itakupendeza dukani halafu majini ishuke magotini.

Rafiki zako watakushauri uvae fulana ya pamba juu yake ili ujisitiri. Nakusihi usifanye hivyo. Pamba inanyonya maji, inakuwa nzito mabegani na inapanda shingoni, na mabwawa mengi hayairuhusu. Ukitaka kusitirika zaidi, kaptula ya kuogelea yenye kamba ya kiunoni juu ya kostumu inatosha. Ukipenda vazi refu la kufunika mwili, liwe la kitambaa cha kuogelea, na lile lenye kanzu fupi na suruali liwe na kamba au vifungo vya ndani vya kuunganisha kanzu na suruali, la sivyo kanzu itaelea hadi kifuani. Vipande viwili vyenye fulana fupi ya kuogelea na chupi yake vingekuondolea kabisa shida ya kitanzi, kwani hakuna kitanzi. Navipendekeza kwa wanawake warefu, ila uangalie ile fulana iwe na lastiki chini, kwa sababu nayo hupanda.

Kwa hiyo kabla hujailowesha hiyo 18, jipime kwa kamba. Kama muuzaji bado anakubali, rudi uchukue 14, kwa kuwa kifua cha 98 na nyonga 107 ni vyake, na ujaribu kujua urefu unakosekana juu au chini kama nilivyokueleza. Ukiwa juu, mikanda mipya ni kazi ya nusu saa kwa fundi yeyote mwenye zigizagi. Ukiwa tumboni, gawa kwa mbili sentimita zinazokosekana kwenye kitambaa, na huo ndio upana wa mshipi, bila kusahau moja ya juu na moja ya chini za mshono. Chagua mshipi wa rangi inayopingana na kostumu yenyewe. Ule mweusi wa muuguzi uliwekwa kwenye kostumu ya bluu, na wenzake walimuuliza ameinunua duka gani.